Mfanyakazi Akisema "Sishuki": Somo kwa Kamati za Usharika Zinazoajiri Vibarua

Katika kurasa hizi za somo tumezoea kuzungumza na kamati kuhusu vitabu vya fedha, zabuni na utunzaji wa miradi baada ya wafadhili kuondoka. Safari hii tunaomba tukae pamoja juu ya jambo ambalo kamati nyingi hazidhani linazihusu, nalo ni wajibu wa mwajiri kwa usalama wa mtu anayemfanyia kazi. Tukiuliza kamati kama ni mwajiri, jibu la kawaida ni hapana, sisi tunajitolea tu, mwajiri ni dayosisi. Lakini siku ile kamati inapompatana kijana kwa ujira wa siku achimbe shimo la choo, apande paa au ashuke kisimani, kamati imeajiri. Sheria inamtazama yule anayeshika eneo la kazi, awe ni mwenye ardhi au siye, na inamhesabu mwajiri pamoja naye.

Tutaanza na tukio lililotokea katika mojawapo ya mitaa yetu hapa Kenya. Mtaa hatuutaji, kwa kuwa kosa halikuwa la mtaa peke yake. Sehemu yake ilitoka ofisini kwetu, kama mtakavyoona.

Mtaa huo ulikuwa unachimba kisima kwa mkono karibu na zahanati. Mpango ulikuwa ni kufika mita 14. Katika wiki ya tatu wachimbaji walikuta maji kwenye mita 9, na kuanzia hapo kazi ikawa ngumu, maana kila walipoamka asubuhi walikuta kisima kimejaa maji ya kuwafika kifuani. Kuyatoa kwa ndoo kulichukua nusu siku. Kamati ikanunua pampu ndogo ya petroli kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Fundi aliiweka juu ya ardhi, akashusha bomba la kuvutia maji, lakini pampu ilinguruma bila kutoa kitu.

Hapa tunasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo hatari ilipozaliwa, wala haikuzaliwa na uzembe. Pampu ya kuvuta maji haiyavuti kwa nguvu zake yenyewe. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na uzito wa hewa ya nje ndio unaoyasukuma maji kupanda. Uzito huo una kikomo. Hata kwa hesabu ya darasani hauwezi kuinua maji zaidi ya mita 10 hivi usawa wa bahari, na kwa kazi halisi ni kama mita 7. Kwenye nyanda za juu hupungua tena. Maji yakiwa mita 9 chini, pampu iliyokaa juu haitayafikia hata ikiwa mpya. Fundi hakuwa na maelezo haya, lakini aliujua ukweli wake kwa uzoefu, akafanya kile ambacho mafundi wengi hufanya. Alitengeneza jukwaa la mbao ndani ya kisima kwenye mita 5, akaishusha pampu pale pamoja na injini yake. Ilivuta vizuri sana. Kamati ilifurahi.

Injini ya petroli ikiwa ndani ya kisima hutoa moshi wake mle mle. Ndani ya moshi huo mna gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na uzito wake ni karibu sawa na wa hewa, hivyo haina haraka ya kupanda na kutoka. Kisima hakina dirisha. Injini inazimwa, harufu ya petroli inapungua, moshi unaoonekana unatoweka, na mtu aliye juu anasema hewa imesafika, kumbe gesi ingalipo na inaweza kukaa kwa saa nyingi. Mtu akiivuta, inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inashindwa kubeba hewa ya uhai. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Katika hali nzito miguu hulegea kabla mtu hajatambua kwamba ana shida, na aliyelegea miguu hawezi kupanda ngazi.

Siku ya kwanza ya pampu, kijana aliyekuwa akishuka kuzoa tope alirudi juu akilalamika kichwa. Walidhani ni jua. Siku ya pili pampu iliendeshwa dakika 40, ikazimwa, akashuka. Hakumaliza hata ndoo mbili. Alipanda akiwa anatetemeka, akakaa chini na kumwambia fundi, "Mzee, huko chini miguu imekataa. Sishuki tena mpaka mashine itoke." Fundi akampelekea mwenyekiti wa kamati habari. Mwenyekiti alikuwa na barua yetu mfukoni. Wiki mbili nyuma tulikuwa tumeiandikia kamati kwamba fedha ambazo hazitatumika kufikia Juni 30 zitarudishwa kwa mfadhili. Tuliiandika kwa maneno makali, na hatukuuliza kazi imefika wapi. Mwenyekiti akamjibu kijana, "Kama hutaki kazi, wanaoitaka wako wengi." Jina lake likafutwa kwenye daftari, na ujira wa siku zile mbili ukazuiwa kwa madai kwamba ameacha kazi.

Asubuhi iliyofuata alishuka kijana mwingine. Hakuna aliyemwambia kwa nini nafasi imepatikana. Alipofika karibu na jukwaa alianguka. Kitu kilichomwokoa ni kamba. Yule wa kwanza alikuwa amezoea kujifunga kamba kiunoni, na fundi akaendeleza desturi hiyo kwa huyu wa pili. Watu wanne walimvuta juu akiwa hana fahamu. Mmoja wa wazee alishavua viatu ili ashuke kumsaidia, fundi akamshika shati. Alifanya vyema kumshika, kwani katika ajali za namna hii anayeshuka kuokoa mara nyingi huwa maiti ya pili. Kijana alipelekwa kituo cha afya, akapewa oksijeni, akapona. Tulipata habari siku ya tatu.

Tulipofika, tulisoma pamoja na kamati Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, ambayo ni Sheria Namba 15 ya mwaka huo. Inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe ya kudumu au ya muda, hivyo kisima cha mtaa kimo. Tulikaa zaidi kwenye kifungu cha 14, nasi tunawaomba mkisome polepole, kwa kuwa kina sehemu mbili ambazo watu huzichanganya.

Sehemu ya kwanza inampa mfanyakazi wajibu. Akiwa na sababu za kuridhisha za kuamini kwamba pana hatari kubwa au iliyo karibu kwake au kwa wenzake, amweleze msimamizi wake wa karibu. Baada ya hapo mzigo unahamia kwa mwajiri. Mpaka arekebishe hali, haruhusiwi kumtaka mfanyakazi arudi mahali ambapo hatari hiyo ingali inaendelea. Sehemu ya pili inamlinda aliyekwisha kuondoka. Aliyetoka mahali pa kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba pana hatari kubwa na ya karibu kwa uhai na afya yake hawezi kufukuzwa, kubaguliwa wala kuwekwa katika hali mbaya kwa sababu ya kitendo hicho. Maneno haya yanafanana na ya Mkataba Namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, ambao mwaka 2022 shirika hilo liliuingiza katika mikataba yake ya msingi.

Mwenyekiti aliuliza swali zuri. Je, kijana angejuaje kwamba ni gesi? Yeye si mtaalamu, na huenda alikuwa na malaria. Jibu ni kwamba sheria haimdai ajue. Haisemi awe na uhakika, wala haisemi awe amepatia. Inauliza kama mtu mwenye akili timamu, akiwa mahali pake na kwa yale aliyoyaona, angeamini hivyo. Kijana alikuwa na injini iliyonguruma dakika 40 ndani ya shimo, alikuwa na kichwa kilichouma jana yake, na alikuwa na miguu iliyomlegea leo. Hata kama daktari angekuta malaria, sababu zake zilikuwa za kuridhisha. Tena zingatieni kwamba hakuhitaji kuandika barua. Alimwambia fundi, na fundi ndiye aliyekuwa msimamizi wake wa karibu. Pale pale wajibu wa kutoa taarifa ulikuwa umetimia.

Mzee mwingine alikuwa na hofu ya upande wa pili, kwamba sasa kila kibarua atakataa kazi akisingizia hatari. Hofu hiyo tunaielewa, lakini kifungu kina mipaka. Tope, baridi, kazi nzito au ujira uliochelewa si hatari kubwa ya karibu kwa uhai. Hayo yana njia zake nyingine. Pia kukataa kushuka si ruhusa ya kwenda nyumbani ukilipwa wiki nzima. Kamati inaweza kumpa kazi nyingine iliyo salama, kama kuvuta kamba juu au kuponda kokoto. Tena hatari ikishaondolewa, na akaelezwa na kuonyeshwa jinsi ilivyoondolewa, anayeendelea kukataa hana tena kinga hiyo. Kati ya pande hizi mbili kuna hali zinazohitaji busara, kwa mfano mvua iliyonyesha usiku. Mvua peke yake haitoshi, lakini ufa mpya kwenye ukuta wa kisima, udongo unaodondoka wenyewe au maji yanayochuruzika mahali palipokuwa pakavu jana vinatosha.

Kuhusu ujira, kifungu hakitaji fedha waziwazi. Kwa maoni yetu, kumnyima mtu ujira wa siku aliyoripoti hatari ni kumweka katika hali mbaya kwa sababu ya kuripoti, na kamati isijaribu. Hata malalamiko peke yake, bila kuondoka, yanalindwa na kifungu cha 8. Mwajiri hawezi kumfukuza mtu wala kumshushia nafasi kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo analoliona si salama. Aidha, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, aliyefukuzwa isivyo haki anaweza kupeleka malalamiko kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Ofisi hizo zipo katika kaunti, na si lazima uwe na wakili.

Lakini kosa kubwa kuliko yote halikuwa kumfukuza yule wa kwanza. Lilikuwa kumshusha wa pili bila kumwambia. Kifungu cha 6 kinamtaka mwenye eneo la kazi ahakikishe usalama, afya na ustawi wa watu wote wanaofanya kazi pake, apime hatari zilizopo, na awape maelezo, mafunzo na usimamizi. Kinamtaka pia asimamishe mara moja shughuli yoyote yenye hatari kubwa ya karibu na kuwaondoa watu. Maana yake ni kwamba kamati haikupaswa hata kungoja kijana akatae. Alipokataa, aliifanyia kamati kazi yake ya kupima hatari, bure, nayo kamati ikaifuta pamoja na jina lake.

Sasa tuje kwenye kurekebisha, maana sheria inasema mwajiri arekebishe, na kurekebisha si kungoja dakika chache zaidi. Katika kisima kile fundi alikuwa na kipimo chake cha zamani cha kushusha taa ya mafuta kwa kamba. Ikizimika, hewa ni mbaya. Ikiwaka, watu wanashuka. Asubuhi ya ajali aliishusha, na iliwaka vizuri kabisa. Kipimo hiki kinapotosha. Taa huzimika oksijeni inapopungua sana, lakini haitambui kaboni monoksaidi. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, inahesabu kwamba sehemu 1,200 tu za gesi hiyo katika sehemu milioni moja za hewa ni hatari ya papo hapo kwa uhai. Hiyo ni kama asilimia moja ya kumi. Kwa kiasi hicho taa haina habari. Tena kama mna gesi inayowaka, taa yenyewe ndiyo itakayolipua.

Kinachopima kwa kweli ni kifaa cha kielektroniki cha kupima gesi. Baadhi ya makampuni ya kuchimba visima na ya maji taka wanavyo, na ni afadhali kumlipa mwenye kifaa aje nacho kuliko kubahatisha. Hata hivyo, dawa ya msingi ni rahisi kuliko kifaa. Injini isiingie kisimani kamwe, wala isikae mdomoni mwa kisima ambapo upepo unaweza kuingiza moshi ndani. Ikiwa maji yamezidi mita 7, yatolewe kwa ndoo na kapi, au kwa pampu ya umeme ya kuzamishwa majini, na jenereta iwe mbali, upande ambao upepo unaelekea. Pampu ya umeme nayo ina sharti lake. Mtu asiwe ndani ya maji wakati umeme umewashwa. Pampu itolewe au ichomolewe kabisa, ndipo mtu ashuke. Kila anayeshuka avae mkanda wenye kamba, na juu wawepo watu wenye uwezo wa kumvuta bila yeyote kushuka. Kamba ya kiunoni iliyomwokoa yule kijana ilitosha siku ile, lakini mkanda wa mwili mzima ni bora, kwa kuwa humtoa mtu akiwa wima.

Mtaa ule ulitoa pampu, ukakodi pampu ya umeme na jenereta, na ukasimama siku 9. Tulimwandikia mfadhili kuomba muda, naye aliuongeza bila ugomvi. Yule kijana wa kwanza alilipwa siku zake mbili na siku alizokaa nje, na mwenyekiti alikwenda nyumbani kwao yeye mwenyewe, akiwa na mwinjilisti, kuzungumza na baba yake. Kijana alirudi. Alisema kushuka hashuki tena, lakini kamba atavuta, na kamati ikamwandika hivyo. Kisima kiliishia mita 13.

Baada ya tukio hili tumebadilisha mambo machache kwenye karatasi zetu, na wafadhili wanaosoma watayaona katika bajeti zijazo. Barua zetu za kukumbusha tarehe sasa zinauliza kwanza kazi imefika wapi na kama kuna lililoisimamisha kwa ajili ya usalama. Bajeti ya kuchimba ina mstari wa kutoa maji, wa mikanda na kamba, na wa bima ya majeraha kazini, ambayo Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamdai mwajiri awe nayo. Tunawaomba wafadhili wasiikate mistari hii wakidhani ni gharama za ofisi. Siku kazi inaposimamishwa kwa hatari, vibarua hulipwa, na siku hizo hazihesabiwi kama uchelewaji wa kamati.

Katika mapatano na fundi, tunapendekeza kila kamati iingize maneno haya, au yanayofanana nayo: "Mfanyakazi yeyote akiona hatari kubwa kwa uhai, atatoka na kumweleza msimamizi. Kazi hapo itasimama. Msimamizi ataandika daftarini saa, alichosema mfanyakazi na kilichorekebishwa. Hakuna atakayewekwa mahali pake kabla ya hatari kuondolewa na kabla ya yeye kuambiwa sababu ya mwenzake kutoka. Hakuna atakayekatwa ujira wala kufutwa kwa ajili hiyo."

Yasomwe kwa sauti siku ya kwanza ya kazi, kwa lugha ambayo vibarua wote wanaielewa, kwani wengine hawasomi, na wengine wanakuja siku ya tano baada ya mapatano kutiwa sahihi. Kwa hao wanaokuja baadaye, yasomwe tena.